Kuhani Bila Madhabahu

Mwaka 593 K.K., mwaka wa tano tangu Mfalme Yehoyakini achukuliwe mateka, mtu mmoja wa ukoo wa makuhani alikuwa akiishi kando ya mto Kebari, katika nchi ya Wakaldayo. Jina lake Ezekieli mwana wa Buzi. Kebari ulikuwa mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba, uliopita jirani na mji wa Nipuri, kusini mashariki ya Babeli. Kitabu cha Ezekieli kinaanza kwa kutaja mwaka wa thelathini bila kusema ni wa thelathini tangu lini. Wafasiri wengi, tangu zamani, wameona kwamba huo ni umri wake mwenyewe. Na katika Kitabu cha Hesabu, sura ya nne, miaka 30 ndiyo umri wa kuanza utumishi wa patakatifu.

Tukikubali usomaji huo, basi tuutazame mwaka huo kwa utulivu. Ni mwaka ambao Ezekieli, kama angekuwa kwao Yerusalemu, angevishwa kitani na kusogea madhabahuni kwa mara ya kwanza. Alilelewa kwa ajili ya siku hiyo. Badala yake ilimkuta ugenini, kwenye nchi tambarare ya udongo na mifereji, umbali wa safari ya miezi kadhaa kutoka hekaluni. Elimu yote aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahali ambapo hakuwapo.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu, maana naona kwamba sehemu kubwa ya dini tunayoijua leo, sisi tunaoamka na kufungua Kitabu, ilipita katika mwaka huo mgumu wa mtu huyo na wenzake. Swali lililowakabili lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulibeba: kuhani hufanya nini pasipo madhabahu?

Ili tulione zito lake, tukumbuke kazi ya kuhani ilivyokuwa. Kuhani wa Yerusalemu hakuwa mhubiri. Alifanya kazi kwa mikono, kwa kisu, kuni, damu na moto. Utaratibu ulioandikwa katika Kutoka 29 unataka mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku, na kila mmoja aende pamoja na sehemu ya kumi ya efa ya unga, karibu lita mbili, uliochanganywa na robo ya hini ya mafuta, yapata lita moja, na divai kiasi hichohicho. Kuhani alijua mafuta gani ya mnyama huteketezwa, figo zinatolewaje, majivu yanapelekwa wapi. Ngozi ya sadaka ya kuteketezwa ilikuwa haki yake. Alitazama upele wa mtu na kuamua kama ni najisi au safi. Hii ilikuwa elimu ya kurithi, baba akimwonyesha mwana, na ilihitaji mahali.

Tena ilihitaji mahali pamoja tu. Miaka michache kabla Ezekieli hajazaliwa, au karibu na kuzaliwa kwake, Mfalme Yosia alikuwa amebomoa mahali pa juu pa kuabudia katika Yuda nzima, akaacha madhabahu ya Yerusalemu pekee. Ndiyo sheria ya Kumbukumbu la Torati: sadaka itolewe mahali pale alipopachagua Bwana. Mtu aliyelelewa katika mafundisho hayo hangeweza kukusanya mawe kando ya Kebari, akachinja kondoo, akasema ameabudu. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, na waliosaidia kuifunga ni watu wa tabaka lake mwenyewe.

Wapo Wayahudi wengine waliopita njia tofauti. Katika kisiwa cha Elefantine, kwenye mto Naili kusini mwa Misri, askari wa Kiyahudi walijenga hekalu lao wenyewe kabla ya Waajemi kuingia Misri mwaka 525 K.K., wakatoa humo sadaka za wanyama. Hekalu hilo lilibomolewa mwaka 410 K.K., na barua zao za kuomba ruhusa ya kulijenga upya, zilizoandikwa juu ya mafunjo, zipo hadi leo. Jibu walilopewa liliruhusu unga na ubani, likanyamaza kuhusu sadaka za kuteketezwa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba watu wa Babeli hawakuwa na la kufanya ila walilofanya. Kujenga madhabahu ugenini kuliwezekana. Kwa kadiri tunavyoona katika maandiko yao, wao hawakujenga.

Ni akina nani hasa waliochukuliwa? Tarehe ya tukio lenyewe tunayo kutoka kwa washindi. Kibao cha udongo cha kumbukumbu za wafalme wa Babeli kinaeleza kwamba katika mwaka wake wa saba Nebukadreza alipiga kambi mbele ya mji wa Yuda, akauteka siku ya pili ya mwezi wa Adari, akamkamata mfalme, akaweka mfalme mwingine aliyempenda, akachukua ushuru mzito. Kwa hesabu yetu hiyo ni Machi 597 K.K. Wafalme wa Pili 24 inataja watu 10,000. Yeremia 52 inatoa hesabu ndogo zaidi: 3,023 mara hiyo ya kwanza, 832 baada ya mji kuanguka, na 745 baadaye, jumla 4,600. Hesabu hizo mbili hazilingani. Lakini zote zinaonyesha jambo moja, kwamba walioondolewa walikuwa wachache. Nao walikuwa wale wa juu: jamaa ya mfalme, maofisa, mafundi, wahunzi, makuhani. Wakulima wengi walibaki.

Dola ilijua ilichokuwa ikifanya. Ukiwaondoa wanaojua kusoma, kutengeneza silaha na kuongoza ibada, nchi iliyobaki italima na kulipa kodi bila kuwa na mtu wa kuiamsha. Ila hesabu ya dola ilikuwa na tundu moja. Iliwaweka pamoja, katika makazi yao wenyewe, watu walewale wenye kumbukumbu na wenye kalamu.

Nao hawakufungwa minyororo maisha yao yote. Katika magofu ya jumba la mfalme huko Babeli, wachimbaji wa Kijerumani walikuta vibao vya mgao wa chakula. Baadhi vina tarehe ya mwaka 592 K.K., mwaka mmoja tu baada ya maono ya Ezekieli, na vinataja mafuta aliyopewa Yehoyakini, anayeitwa humo mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Mfalme mateka alikuwa akihesabiwa mafuta yake na karani. Vibao vingine, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinatoka katika kijiji kilichoitwa kwa jina la Yuda yenyewe, Al-Yahudu, katika mashamba ya maeneo ya Nipuri. Cha kwanza ni cha mwaka 572 K.K. Humo tunakutana na watu kama Rapa-Yama na mwanawe Ahikamu, wakikopa, wakidaiwa shayiri na tende, wakilima ardhi ya mfalme kwa sharti la kulipa na kutumika. Sehemu ya mwisho ya jina la Rapa-Yama ni jina la Mungu wa Yerusalemu, likiandikwa kwa masikio ya karani wa Babeli.

Kati ya vibao hivyo kimoja kinanisimamisha kila ninapokifikiria. Ni hati ya kawaida ya deni, imejaa alama za kabari za Kibabeli. Lakini mtu amekwaruza juu ya udongo, kwa herufi za kale za Kiebrania, jina Shelemya. Mwenye jina, au mtu wake, alitaka ijulikane pale ni la nani, kwa mwandiko wa kwao.

Basi hatari ya Babeli kwa watu hawa ilikuwa ya kimyakimya. Ardhi ilikuwa na rutuba, maji hayakukosekana, watoto walizaliwa na kukua. Mtu angeweza kuamka siku moja akakuta wajukuu zake ni Wababeli tu, bila mtu kuwalazimisha. Watu wengi walihamishwa na dola zile. Makabila kumi ya kaskazini yalihamishwa na Waashuri mwaka 722 K.K. na baadaye, na wengi wao wakayeyuka. Kilichowazuia wa Yuda wasiyeyuke ndicho ninachotaka tukitafakari.

Turudi kwa Ezekieli pale mfereji. Alichoonyeshwa kinatisha na kinachanganya: viumbe hai wanne, magurudumu ndani ya magurudumu, anga kama kioo, na juu yake kiti cha enzi. Wasomaji wengi husimama kwenye ajabu ya picha, wakasahau kuuliza kwa nini kuna magurudumu. Katika Yerusalemu, utukufu wa Bwana uliketi katika chumba cha ndani kabisa cha hekalu, juu ya makerubi, na kuhani mkuu alipaona mahali pale kwa hofu. Sasa kiti kilekile kimeonekana nje ya nchi, katika ardhi iliyohesabiwa najisi, na kinaweza kwenda pande zote nne bila kugeuka. Kuhani aliyezuiwa kwenda hekaluni amefuatwa na Mwenye hekalu.

Katika sura ya 8 hadi ya 11 anaonyeshwa upande wa pili. Utukufu unainuka kutoka mahali pake, unasimama kizingitini, unakwenda lango la mashariki, unapanda mlima ulio mashariki ya mji. Unaondoka hatua kwa hatua, kana kwamba unasita. Na katikati ya maono hayo linakuja neno kuhusu waliohamishwa: kwamba Mungu mwenyewe amekuwa kwao patakatifu kwa muda mfupi, au kwa kiasi kidogo, huko walikokwenda. Waebrania wenyewe wamelisoma neno hilo kwa njia zote mbili. Vyovyote tutakavyolisoma, jambo kubwa limesemwa. Patakatifu si lazima pajengwe na mtu. Pasipo jengo, Mungu anaweza kuwa Yeye mwenyewe jengo.

Jambo hili halikuja kwa bei rahisi. Sura ya 24 inasimulia kwamba asubuhi moja Ezekieli alisema na watu, na jioni yake mkewe akafa. Aliambiwa asilie, avae kilemba chake na viatu vyake, asifunike midomo, asile chakula cha matanga. Watu wakamuuliza maana yake. Maana ilikuwa kwamba hekalu, kipenzi cha macho yao, litaangamizwa, nao watakuwa kama yeye: msiba mkubwa kuliko matanga. Sioni raha kusoma sura hii, na sidhani imekusudiwa kuleta raha. Inatuambia kwamba mageuzi tunayoyasifu kutoka mbali yalipita ndani ya nyumba ya mtu. Hekalu lilichomwa mwezi wa tano, mwaka 587 au 586 K.K., na Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi. Kuhani mkuu Seraya alipelekwa Ribla akauawa. Miezi ikapita ndipo mkimbizi mmoja akafika Babeli na habari.

Sasa tazama kitu kidogo ambacho kitabu kinakitaja kama kwa kupita. Mara kwa mara, katika sura ya 8, ya 14 na ya 20, wazee wanakuja nyumbani kwa Ezekieli na kuketi mbele yake. Hakuna kondoo, hakuna moto. Watu wanaketi, mtu wa ukoo wa kuhani anafungua kinywa. Siwezi kusema sinagogi lilianzia pale, kwa maana ushahidi wa majengo ya masinagogi ni wa baadaye sana. Lakini tendo lenyewe, la watu kukusanyika katika nyumba ya kawaida ili kusikia neno la Mungu pasipo sadaka, tunaliona pale waziwazi. Ukuhani ulikuwa umeanza kuhama kutoka mikononi kwenda kinywani.

Kutoka kinywani ukaenda kwenye kalamu. Elimu inayopokewa kwa kutazama hufa pale kazi inaposimama. Kuhani aliyeijua kazi ya madhabahu alizeeka Babeli, na mwanawe hakuwahi kumwona mtu akiifanya. Kama haikuandikwa, ilikuwa inazikwa naye. Wataalamu wanabishana ni lini hasa sheria za kikuhani, zile za Mambo ya Walawi na za sehemu za Kutoka na Hesabu, zilipata umbo lake. Wengine wanaziweka kabla ya uhamisho, wengine wakati wa uhamisho au mara baada yake. Lakini si lazima tuchague moja tu. Mwaka 1979, katika makaburi ya Ketefu-Hinomu nje ya Yerusalemu, zilipatikana karatasi mbili nyembamba za fedha zilizokunjwa, za kuvaliwa shingoni, zikiwa na maneno ya baraka ya kikuhani iliyo katika Hesabu 6. Wengi wanazihesabu kuwa za karibu mwaka 600 K.K. Kwa hiyo maneno ya makuhani yalikuwapo kabla ya moto. Babeli haikuyabuni. Babeli iliwalazimisha watu wayakusanye, wayapange na kuyatunza kama kitabu, kwa sababu hayakuwa tena na nyumba nyingine.

Na yalipokusanywa, yalibadilika uzito. Sura nyingi za Kutoka zinaeleza hema: mbao, pazia, vitanzi, misumari, pete za kupitishia miti ya kubebea. Msomaji wa leo huziruka. Lakini msomaji aliyefukuzwa kwake angeona katika pete zile faraja kubwa. Makao ya kwanza ya Mungu wa Israeli, kwa maelezo hayo, yalikuwa ya kubebwa mabegani, yakafunguliwa na kukunjwa jangwani, kabla hapajakuwa na Yerusalemu. Hekalu la mawe likawa sura moja tu ya hadithi ndefu zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa siku ya saba. Sabato ilijulikana kabla ya uhamisho. Manabii wa zamani wanaitaja. Lakini Ezekieli 20 inaisema kuwa ishara kati ya Mungu na watu wake, na Mwanzo, mwanzoni mwa sura ya pili, inaiweka mwishoni mwa uumbaji wenyewe. Huko Babeli, katika sikukuu ya mwaka mpya mwezi wa Nisani, kuhani wa Marduki alisoma mbele ya mungu wake utenzi wa uumbaji, ambamo Marduki anampasua Tiamati vipande viwili na kuufanya mwili wake kuwa mbingu na nchi, na miungu wanamjengea Babeli na hekalu lake. Katika Mwanzo hakuna vita. Jua na mwezi havitajwi hata kwa majina, ni mianga miwili tu. Na mwisho wa kazi hapajengwi hekalu. Inatakaswa siku. Siku haiwezi kutekwa. Nebukadreza alibeba vyombo vya dhahabu vya Yerusalemu hadi Babeli, lakini siku ya saba ilimkuta kila mtu pale alipo, shambani Al-Yahudu au katika chumba cha mfalme mateka.

Pamoja na siku ukaja mwili. Tohara ilikuwa jambo la kawaida kwa majirani wengi wa Yuda, lakini Wababeli hawakutahiri. Babeli ndipo ilipokuwa alama ya kutofautisha. Chakula, ambacho usafi wake ulilindwa hasa mezani pa makuhani, kikawa jambo la kila nyumba. Utakatifu uliokuwa umekusanyika mahali pamoja chini ya ulinzi wa ukoo mmoja ukagawanywa kama moto unaochukuliwa kwa kaa kutoka jiko la jirani, kila nyumba ikawasha wake.

Hata hivyo, safari hii haikuishia kwenye kuugawa utakatifu. Ilikuwa na uzio pia, na mtu mwaminifu lazima auseme. Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliingia Babeli, na baadhi ya wahamishwa wakaruhusiwa kurudi. Madhabahu ilisimamishwa na Zerubabeli pamoja na Yoshua mwana wa Yosadaki, mjukuu wa yule Seraya aliyeuawa Ribla. Hekalu likamalizika mwaka wa sita wa Dario, 515 K.K. Moto ukawaka tena. Lakini kuhani aliyerudi hakuwa tena yule aliyeondoka.

Kuna orodha ya waliorudi katika Ezra sura ya 2. Ukiisoma haraka utachoka. Ukiisoma polepole itakuambia mengi. Makuhani waliohesabiwa ni 4,289. Walawi ni 74. Katika Ezekieli 44 tunasoma kwamba makuhani wa ukoo wa Sadoki pekee ndio watakaosogea mbele za Bwana, na Walawi watashushwa wawe watumishi wa malangoni, kwa kosa la kuiongoza Israeli kwenye sanamu. Mlawi aliyejijengea maisha Babeli, angerudi kwa ajili ya nini? Hata Ezra alipoanza safari yake baadaye, mwaka 458 K.K. kwa hesabu inayofuatwa na wengi, alikagua msafara wake pale mto wa Ahava akakuta hakuna Mlawi hata mmoja. Ilimbidi atume watu kwa Ido, mkuu wa mahali paitwapo Kasifia, awaombe.

Katika orodha ileile kuna kisa kifupi cha jamaa tatu, wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai. Walisema wao ni makuhani. Walitafuta maandishi ya nasaba zao, hayakuonekana. Liwali akawakataza wasile vitu vitakatifu mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu, ile kura takatifu ya kumuuliza Mungu. Tutulie kwenye kisa hiki. Watu hawa walikuwa wamevumilia uhamisho. Walishika jina lao vizazi viwili. Wakavuka jangwa kurudi. Na katika lango la kazi ya baba zao wakaulizwa karatasi. Zamani kuhani alijulikana kwa kuwa alionekana madhabahuni, na baba yake kabla yake. Sasa alijulikana kwa kuwa jina lake limeandikwa. Kitabu kilichowaokoa wengi kiliwaacha nje hawa.

Hawakuwa peke yao. Waliobaki Yuda wakati wote huo, wakulima waliopewa mashamba ya mizabibu na Wababeli, walikuwa watu wa Mungu yuleyule. Ezekieli mwenyewe anatusikilizisha ugomvi: wa Yerusalemu wakisema waliohamishwa wako mbali na Bwana na nchi imekuwa yao, naye akiwajibu kwa ukali kwamba sivyo. Waliorudi ndio walioandika habari, na katika habari hizo mara nyingi nchi inaonekana kama ilibaki tupu ikiwangojea. Haikuwa tupu. Katika Ezra 10, wanaume wanaapa kuwafukuza wake zao wa watu wa nchi, na watoto waliozaliwa nao. Sura hiyo inaorodhesha majina ya waume. Wake na watoto hawana jina hata moja.

Naliweka jambo hili hapa kwa sababu siamini tunaweza kumshukuru Mungu kwa uhamisho bila kuwahesabu hao. Mkono uliojifunza kuokoa utakatifu kwa kuandika ulijifunza pia kufuta kwa kutoandika.

Na bado, ile asubuhi ya Lango la Maji inabaki. Ni katika Nehemia 8. Ezra, kuhani na mwandishi, ambaye nasaba yake inapelekwa hadi kwa Seraya, anapanda jukwaa la mti katika uwanja wa wazi. Hayuko ndani ya hekalu, ingawa hekalu lipo. Mbele yake wako wanaume, wanawake na kila awezaye kusikia na kufahamu. Anasoma Torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Na wanaotembea kati ya watu wakiwafafanulia ili waelewe ni Walawi, wale walioshushwa. Kazi iliyodharauliwa ya malangoni imekuwa kazi ya kufundisha. Watu wanalia wanaposikia. Kwa kawaida ya ukuhani wa kale, mwanamke asingekaribia mahali pale kuhani alipofanya kazi yake kuu. Hapa amesimama mbele yake, na kazi kuu ya kuhani ni kumfanya yeye aelewe.

Hekalu la pili nalo lilichomwa, na Warumi, mwaka 70. Safari hiyo hakuhitajika nabii wa kuuliza kuhani afanye nini pasipo madhabahu. Jibu lilikuwa limeshatolewa karne sita kabla, kando ya mfereji: kusoma, kufundisha, siku ya saba, meza ya nyumbani. Wayahudi wameishi kwa jibu hilo hadi leo. Na sisi Wakristo, tunapoketi Jumapili kusikia somo likisomwa na kufafanuliwa, tumeketi pale walipoketi wazee nyumbani kwa Ezekieli. Waislamu nao, wanapowaita Wayahudi na Wakristo watu wa Kitabu, wanawaita kwa tunda la kazi hiyo.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, nakuomba mambo mawili. Ukifika kwenye Mambo ya Walawi, na zile sura za figo, mafuta na majivu, usiziruke. Zisome polepole kama urithi wa watu waliohifadhi kwa maandishi kazi ambayo mikono yao ilikatazwa kuifanya. Na ukifika kwenye orodha za majina, zisome pia, kisha uliza ni nani hakuandikwa. Mungu aliyemfuata kuhani hadi Kebari hakuhitaji nasaba ya mtu ili ajue alipo.